Kwa nini kiwanja cha rafiki kinauma kuliko jumba la msanii

"Shikamoo dokta. Nina miaka 26, nakaa Sinza, nilimaliza chuo 2021 na sasa niko mapokezi kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Wasanii wakionyesha magari yao mimi wala sishtuki. Ila kuna rafiki yangu tulilala chumba kimoja hosteli miaka yote mitatu. Akiweka stetasi yuko kwenye kiwanja chake Bunju, au kwenye ofisi yake mpya, siku yangu imeisha. Nampenda na sijawahi kumtakia baya, lakini hata kumlaiki nashindwa. Nilifuta Insta wiki mbili, niliporudi hali ikawa ileile. Je, nina roho mbaya? Nifanyeje?"

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na hilo la roho mbaya, maana nahisi ndilo linalokukosesha raha kuliko kiwanja chenyewe. Ukiwa peke yako jiulize: nikisikia kesho kwamba kiwanja kile kina mgogoro na hela ya rafiki yangu imepotea, nitafurahi? Kama utaumia pamoja naye, basi unachougua ni maumivu ya kujipima. Hata kama utapata kaahueni ka sekunde mbili kisha ukajionea aibu, bado hujafika kwenye husuda ya kutaka mwenzako aanguke.

Mwanasaikolojia wa Uholanzi Niels van de Ven na wenzake walizitenganisha hali hizi mbili katika utafiti waliouchapisha mwaka 2009. Zote zinauma, na maumivu yake ukiyaangalia juu juu yanafanana. Ila moja inamfanya mtu atake kupanda afike alipo mwenzake, na nyingine inamfanya atake mwenzake ashuke. Kinachoamua mtu aangukie upande upi ni mambo mawili: anaona mwenzake alistahili alichopata, au anaona amebebwa? Na anaona naye ana njia ya kufika, au anaona mlango umeshafungwa? Shika mambo hayo mawili, tutayahitaji huko mbele.

Sasa, kwa nini msanii hakugusi na rafiki anakugusa. Mwaka 1954 Leon Festinger wa Marekani aliandika kwamba binadamu ana haja ya kujua yuko wapi, na pasipo na kipimo cha wazi hujipima kwa watu. Lakini hajipimi na yeyote tu. Anamtafuta anayefanana naye, kwa sababu aliye mbali sana hamwambii chochote kuhusu yeye mwenyewe. Msanii mwenye Range Rover hakuambii mtu wa rika lako, mwenye cheti kama chako, anapaswa kuwa wapi saa hizi. Rafiki yako anakuambia, tena bila kufungua mdomo. Mlianza siku moja, mkasikiliza mhadhara mmoja, mkachangia jiko moja la umeme la kuficha chini ya kitanda. Ukimtazama unaona kama jibu la mtihani ambao na wewe uliufanya.

Baadaye Abraham Tesser, naye Mmarekani, akalichimba zaidi. Alisema maumivu yanatokana na mambo mawili yakikutana: ukaribu wa mtu, na uzito wa jambo lenyewe kwako. Katika jaribio alilofanya na mwenzake mwaka 1980, watu walikuja na rafiki zao kucheza mchezo wa kukisia maneno. Kila mmoja alimpa mwenzake vidokezo, na alikuwa huru kuchagua vidokezo rahisi au vigumu. Walipoambiwa mchezo huu ni wa kujifurahisha tu, waliwasaidia rafiki zao zaidi ya watu wasiowajua. Walipoambiwa mchezo unapima uwezo muhimu wa akili, mambo yakageuka: rafiki akawa ndiye anayepewa vidokezo vigumu, kuliko hata mgeni. Watu hao hawakuwa wabaya, na bila shaka wengi wangekukatalia kabisa kwamba walifanya hivyo kwa makusudi.

Nimekueleza jaribio hilo kwa sababu linajibu kile kidole chako kinachogoma kubonyeza moyo kwenye picha. Kidole kinagoma pale tu jambo linapokuwa lile unalojipimia. Rafiki yako huyohuyo angeshinda tuzo ya kwaya ya kanisani, na wewe huimbi, nina hakika ungeisambaza video hiyo kwenye magrupu yote na kusema "huyu nililala naye chumba kimoja". Ukaribu uleule unaokuumiza kwenye kiwanja ungekupa fahari kwenye kwaya. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni kwa nini kiwanja na ofisi ndivyo vimekuwa kipimo chako, na nani alikukabidhi kipimo hicho. Nitakurudisha hapo kwa mfano wa kijana mmoja.

Kuna jambo la tatu ambalo watu husahau, nalo ni muda. Penelope Lockwood na Ziva Kunda, katika chuo cha Waterloo huko Kanada, waliwapa wanafunzi wa uhasibu habari ya mwanafunzi hodari wa mwaka wa nne. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza walipoisoma walipata moyo na wakajiona bora zaidi, maana walikuwa na miaka mbele yao ya kufika hapo. Wa mwaka wa nne, ambao muda ulikuwa umewaishia, hawakupata moyo huo. Utafiti huo ulitoka 1997, na kwangu mimi unaeleza vijana wa Dar wa miaka 25 hadi 30 kuliko vitabu vingi. Mwenzako akikutangulia mkiwa kidato cha pili, unasema "na mimi nitafika". Akikutangulia sasa, kuna sauti inakwambia muda wa kufika ulishapita na wewe ndiwe wa mwaka wa nne. Ni hisia tu. Hakuna sheria ya nchi hii inayosema kiwanja kinanunuliwa kabla ya miaka 27. Lakini mwili haujui hivyo, unapokea habari kama kwamba kengele imeshapigwa.

Tuje kwenye simu. Uliifuta Instagram, lakini rafiki yako yuko kwenye stetasi za WhatsApp, na hapo ndipo penye moto wako. Instagram inakuchanganyia watu wa dunia nzima. Stetasi inakuletea watu uliohifadhi namba zao, yaani watu wa karibu, wale ambao Tesser angesema ndio wenye uwezo wa kukuumiza. Ukigusa mmoja, inajisogeza yenyewe kwa anayefuata: mtu kiwanjani, mtu kwenye send-off, mtu anauza mawigi, mtu Zanzibar na miguu kwenye maji, mtu "Mungu ametenda" na picha ya funguo. Katika dakika tano umejipima na watu thelathini, kila mmoja katika dakika yake bora ya siku ile, na wewe uko kwenye foleni ya daladala.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walifanya kazi nzuri juu ya hili. Mwaka 2013 Ethan Kross na wenzake walichapisha utafiti wa watu 82 waliotumiwa ujumbe mara tano kwa siku kwa wiki mbili, kila mara wakiulizwa unajisikiaje sasa na umetumia Facebook kiasi gani tangu tulipokuuliza. Kadiri walivyoitumia zaidi kati ya ujumbe na ujumbe, ndivyo walivyojisikia vibaya zaidi ujumbe uliofuata. Miaka miwili baadaye, Philippe Verduyn na timu hiyo wakatenganisha namna mbili za kutumia: kuandika, kujibu, kuongea na watu, na upande wa pili kupitia tu ya wenzako kimya kimya. Aliyepitia kimya kimya ndiye aliyeumia, na walipochunguza sababu, kijicho ndicho kilichosimama katikati.

Na kuna kitu katika jaribio lao ambacho nakihitaji kwa ajili yako. Waliokaa dakika kumi wakipitia kurasa kimya hawakujisikia vibaya palepale. Walijisikia vibaya mwisho wa siku. Hiyo ndiyo sababu wateja wangu wengi huniambia "simu hainisumbui, mimi jioni tu ndio nanuna bila sababu". Sababu iliingia saa mbili asubuhi kwenye basi.

Nikuwekee mpaka hapa, maana mitandaoni wapo wanaotumia tafiti hizi kutisha watu. Madhara haya hayampati kila mtu. Waholanzi wakiongozwa na Ine Beyens waliwafuatilia vijana wadogo mmoja mmoja na kuchapisha matokeo mwaka 2020: walipopitia ya wenzao kimya kimya, asilimia 46 walijisikia vizuri zaidi, asilimia 44 hawakubadilika, na asilimia 10 ndio waliojisikia vibaya. Wale walikuwa matineja wa nchi nyingine, kwa hiyo namba zenyewe usizihamishie Sinza. Lililo la maana ni kwamba mwenzako anayekwambia "mbona mimi haziniumizi?" huenda anasema kweli, na wewe unayesema zinakuumiza unasema kweli vilevile.

Nije kwenye ushauri ambao naamini umeshaupata kutoka kwa watu kumi: "Achana nao, maisha ya mtandaoni ni maigizo." Mimi siupendi. Ni kweli watu huficha. Alexander Jordan na wenzake walionyesha mwaka 2011 kwamba wanafunzi walikuwa wanakadiria huzuni za wenzao chini kuliko zilivyokuwa, kwa sababu watu hulia wakiwa peke yao na kucheka mbele za watu. Lakini kiwanja cha rafiki yako kipo, na ofisi ipo. Ukitegemea faraja ya "ni uongo", siku utakapopelekwa Bunju ukaona mawe ya mipaka faraja yote inayeyuka. Baya zaidi, mtu anayetafuta faraja hapo huanza kupekua: atakuwa na mkopo wa kausha damu, atakuwa na mzee anayemlea, hawezi kuwa amepata kwa kazi yake. Hapo ndipo umeanza kuamini hakustahili, na nilikwambia mwanzoni kwamba kutokustahili ndiko kunakoyageuza maumivu ya kawaida kuwa husuda.

Nikueleze sasa habari ya kijana niliyemhudumia. Nimebadilisha mambo yake asitambulike, lakini mtiririko ni wake.

Ana miaka 28, msaidizi wa hesabu kwenye duka kubwa la jumla Kariakoo, amepanga Kimara, anapanda mwendokasi asubuhi na jioni. Alikuja akilalamika hasira: anamjibu mkubwa wake kwa mkato, usiku halali. Hakutaja simu kabisa. Nilimwomba kwa wiki moja aandike mara nne kwa siku kwenye daftari dogo: hali ya moyo kutoka 0 hadi 10, na kama ameshika simu katika saa iliyopita, ameona nini kilichobaki kichwani. Nilimkataza kubadilisha chochote kwanza. Watu hudharau zoezi hili, ila katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania wa 2018, ambao nitaurudia, hata kundi ambalo halikupunguza matumizi, lililokuwa linafuatilia tu, lilipungukiwa wasiwasi. Kujiangalia peke yake kunafanya kazi.

Daftari lilivyorudi, jambo la kwanza lililoonekana ni kwamba magari, vilabu na safari za watu havikuacha alama yoyote. Alama zake zilishuka, mara nyingi kutoka 6 hadi 3, kwa watu watatu tu kati ya mamia aliowahifadhi. Wote watatu walimaliza naye chuo, na kila mara ilikuwa habari ya ujenzi: tofali, msingi, nondo, fundi amesimama kwenye jamvi. Wakiweka harusi au mtoto, alama haikutikisika. Jambo la pili, siku moja alishuka hadi 2 bila kuona stetasi yoyote. Nilimuuliza siku hiyo kulikuwa na nini. Mama yake alikuwa amempigia kutoka Singida, akasema kwa upole kabisa, "wenzako wanajenga, wewe lini?"

Hapo tukajua nani alimkabidhi kipimo. Simu ilikuwa inaleta picha tu, kipimo kilikuwa kinatoka nyumbani, na kingeendelea kutoka nyumbani hata angeitupa simu baharini. Hili ndilo linaloeleza kwa nini wiki zako mbili bila Insta hazikukusaidia. Uliziba dirisha moja, kipimo kikabaki ndani. Na uliporudi, ukakuta wiki mbili za habari zimekusubiri pamoja, ukazila kwa mkupuo.

Kisha tukachukua mmoja wa wale watatu, aliyemuuma kuliko wote, na nikamwambia ampigie. Si kwa ajili ya kumsifu wala kumpeleleza, bali aulize kama mtu anayetaka kujua njia: ulinunuaje, ulilipa vipi, ulianza lini? Alikataa kwa wiki kadhaa. Alipopiga, jamaa alifurahi kuulizwa na akamweleza kila kitu, mpaka jina la mtaa kule Chanika na jinsi alivyolipa kwa awamu. Katika maongezi yakatoka mambo mawili ambayo hayakuwahi kuonekana kwenye picha. Tangu aanze kazi alikuwa anaishi kwa mjomba wake Tabata, halipi kodi. Na chuo alisomeshwa na baba yake, kwa hiyo Bodi ya Mikopo haimdai.

Tukachukua kalamu. Mishahara yao inakaribiana. Kijana wangu mshahara wake wa msingi ni 700,000. Bodi ya Mikopo hukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani 105,000 kila mwezi. Kodi ya chumba chake Kimara ni 120,000. Jumla 225,000 kwa mwezi ambazo mwenzake hatoi. Zidisha kwa miezi 36 waliyofanya kazi wote wawili: 8,100,000. Alikaa akaitazama hiyo namba muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe kiwanja changu ninacho, nakaa ndani yake na kuilipa Bodi."

Angalia kilichotokea, maana hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Hatukusema mwenzake hakustahili. Alijinyima, akalipa kwa awamu bila kuruka mwezi, hilo alistahili. Wala hatukusema picha ni maigizo. Tulichofanya ni kuondoa jibu ambalo akili yake ilikuwa imejijazia yenyewe mahali palipo wazi. Picha ya kiwanja haina maelezo ya ilikotoka hela, na akili isipopewa maelezo hujaza lililo karibu: "yeye ana akili ya maisha, mimi sina." Namba ile ilikuwa maelezo mengine, ya kweli, yasiyomshusha yeyote. Pia ilimfungulia lile jambo la pili la van de Ven, la kuona njia. Deni la Bodi lina mwisho, na alipoulizia baki lake aligundua limebaki kidogo kuliko alivyodhani.

Sitakudanganya kwamba alipona kabisa. Stetasi ya tofali bado inamshusha, ila sasa kutoka 6 hadi 5, na kabla ya jioni anakuwa amerudi. Kwa mama yake aliniambia bado hajapata namna ya kumjibu.

Kwa upande wako, fanya wiki ya daftari kwanza kama yeye, bila kubadilisha chochote. Andika mara nne: ukifika kazini, baada ya chakula cha mchana, ukirudi nyumbani, na kabla ya kulala. Usisahau ile ya kabla ya kulala, kwa ajili ya yale niliyokueleza ya Verduyn. Unatafuta vitu viwili: ni watu gani hasa, na ni jambo gani hasa. Ninabashiri watakuwa wachache kuliko unavyodhani. Na andika pia simu na maneno ya watu wa nyumbani, hata yale ya utani kwenye vikao vya familia, kwa sababu kipimo huingia kwa mlango huo.

Wiki ya pili, wanyamazishe hao wachache tu. Kwenye orodha ya stetasi za WhatsApp, gandamiza jina la mtu mpaka chaguo litokee, kisha chagua Mute. Hatajua, na meseji zake za kawaida zitaendelea kukufikia. Kwenye Instagram kuna Mute pia, hakuna haja ya kumfuta mtu na kuleta maneno. Ninapendelea hivi kuliko kufuta programu nzima, kwani utapoteza hata wale wanaokuchekesha. Kwa programu zilizobaki, weka kikomo cha muda. Katika utafiti ule wa Pennsylvania, Melissa Hunt na wenzake waliwagawa wanafunzi 143, wengine wakaendelea kama kawaida, wengine wakabaki na dakika 10 kwa siku kwa kila moja ya Facebook, Instagram na Snapchat. Baada ya wiki tatu, waliowekewa kikomo walipungukiwa upweke na msongo wa huzuni. Hawakuacha, walipunguza. Na kama unaangalia simu ukiwa kwenye daladala asubuhi, dakika hizo ndizo za kuondoa kwanza.

Kunyamazisha huku ni kwa mwezi mmoja hivi. Usikufanye kuwa maisha yako yote, kwani lengo ni kupata nafasi ya kufanya jambo la tatu, ambalo ndilo gumu. Mtafute rafiki yako muongee. Kumbuka kilichoumiza watu kule Michigan ni kupitia kimya, na wewe umekuwa ukimtazama kimya muda mrefu. Kila siku unaziona habari zake bila yeye kuziona zako, na urafiki wa chumba kimoja umegeuka kuwa kutazamana kwa dirisha. Mwandikie kitu kifupi cha kweli: "Shoga, hongera ya kiwanja. Nataka na mimi nielewe ulianzaje, una nafasi Jumamosi tunywe chai?" Usimsifu kupita unavyohisi, maneno ya kujilazimisha yatakuacha na uchungu zaidi. Swali ni rahisi kulitoa kuliko sifa.

Mkikutana, muulize njia yenyewe, kisha kaa na kalamu kama sisi tulivyofanya. Inawezekana utagundua alipata nafuu ambayo wewe huna. Inawezekana pia hutagundua hivyo: amefanya kazi zaidi, amejinyima zaidi, na pengo ni la kweli. Hapo utaumia, sitakuficha, lakini utakuwa na kitu cha kufanya. Van de Ven na wenzake walionyesha mwaka 2011 kwamba ni kijicho hiki cha kutaka kupanda kilichowasukuma wanafunzi kupanga kusoma zaidi, kuliko hata kumstaajabia tu mwenye mafanikio, mradi waone kufika kunawezekana. Na inawezekana kwamba ukishajua gharama yake yote, utakuta kiwanja cha Bunju hukitaki kabisa kwa sasa, ulikuwa unataka tu usiachwe. Hiyo nayo ni habari muhimu, na huipati kwa kutazama picha.

Kuna hali moja ambayo haya yote hayatoshi. Kama huzuni imekaa zaidi ya wiki mbili karibu kila siku, usingizi au hamu ya chakula vimebadilika, vitu vilivyokuwa vinakufurahisha havikufurahishi tena, na unajiona huna thamani hata siku ambazo hukuona picha ya mtu, basi huo huenda ni ugonjwa wa sonona, na kujilinganisha ni dalili yake kama kulivyo chanzo chake. Mtu mwenye sonona hujilinganisha zaidi na hujiona chini kwa kila mtu, hata kwa aliye nyuma yake. Usisubiri mwezi wa kunyamazisha uishe. Kutoka Sinza, Mwananyamala iko karibu, na Muhimbili kuna idara nzima ya magonjwa ya akili. Mawazo ya kutotaka kuishi yakikujia hata mara moja, nenda siku hiyohiyo, na umwambie mtu mmoja wa kukusindikiza.

Kama hayo hayakuhusu, anza daftari Jumatatu. Ukimaliza wiki niandikie ulichokiona, majina ya watu uyaache.